Maandishi yapo, mbona video haiuzi?

Swali: Nakamua na kuuza mafuta ya alizeti hapa Kizota, Dodoma. Kijana mmoja aliigeuza video yangu iwe ya wima na kuandika kila neno ninalosema, lakini wateja bado wananipigia kuuliza bei, ilhali nimeitaja. Tatizo ni nini?

Jibu: Ndugu yangu, tatizo ni hilo la kuandika kila neno, kosa ninaloletewa karibu kila wiki na watu waliokwisha kulipia. Manukuu ya video ya biashara si kumbukumbu za kikao. Chukua sentensi kama hii: “Mafuta haya ya alizeti tumeyakamua wenyewe hapa Kizota, hatujayachanganya na kitu chochote, na lita tano unazipata kwa shilingi elfu thelathini na tano.” Ina herufi zipatazo 150, nawe unaweza kuitamka kwa sekunde 7, wakati msomaji wa kawaida, ambaye pia anataka kuitazama chupa, humudu herufi kama 15 kwa sekunde. Angehitaji sekunde 10, kwa hiyo maandishi yanaondoka kabla hajaifikia bei, ambayo wewe umeiweka mwishoni.

Andika badala yake “Alizeti tupu, imekamuliwa Kizota” katika mistari miwili, uiache sekunde 3, kisha “Lita 5, Sh 35,000” kwa sekunde 3 nyingine. Mdomo useme mengi upendavyo. Maandishi yabebe yale tu ambayo mteja asipoyapata hanunui.

Angalia pia mahali yalipokaa. Kwenye fremu ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, sehemu ya chini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo, na kulia hukaa alama za kupenda na kutuma. Mstari wa mwisho usishuke zaidi ya pikseli 1,250 kutoka juu. Herufi ziwe nene, nyeupe, zenye ukingo mweusi, kwa sababu nyembamba huyeyuka video ikibanwa, na jua letu la saa saba mchana humalizia kazi.

Kuhusu kugeuza, huyo kijana hakugeuza chochote, alikata. Video iliyopigwa simu ikiwa imelala kwa kawaida ina upana wa pikseli 1920, na ukikata wima hubaki kama 607, yaani chini ya theluthi moja. Ndiyo maana mkono unaomimina mafuta huonekana bila chupa. Piga upya simu ikiwa imesimama. Ikishindikana, iweke picha nzima katikati ya fremu ya wima, na nafasi iliyobaki juu yake uitumie kwa bei.

Mafundi wa kubonyeza kitufe kimoja na kudai fedha wamejaa mjini, na wengi humkabidhi mteja video ambayo maandishi yamekwisha kuchomwa ndani ya picha, hayafutiki. Kabla ya kulipa, dai pia nakala isiyo na maandishi, kwani bei ya alizeti ikibadilika baada ya mavuno utalazimika kuandika upya.