Kwa nini filamu inachechemea kwenye kiboksi

Swali: Fundi, nina kiboksi cha Android, natazama filamu zangu kwa programu ya Kodi. Kamera ikigeuka taratibu, nguzo na majengo yanashtukashtuka. Kiboksi nimekiweka 1080p 60Hz. Ajabu ni kwamba video za simu yangu zinapita vizuri tu. Kebo ya HDMI nimeshabadilisha mara mbili. Kasoro iko wapi?

Jibu: Kebo ziache, hazina kosa. Hizo video za simu ndizo zilizonionyesha njia. Simu nyingi hurekodi fremu 30, yaani picha tuli 30, kwa sekunde, na runinga yako inachora picha mara 60 kwa sekunde. Kila fremu inachorwa mara mbili, hesabu inakwisha bila baki. Filamu ya sinema hupigwa kwa fremu 24. Gawanya 60 kwa 24 upate mbili na nusu, na hakuna runinga inayochora nusu. Basi kiboksi kinafidia: fremu moja kinaichora mara tatu, inayofuata mara mbili, halafu tatu tena. Moja inakaa milisekunde 50, mwenzake 33. Watu wakiwa wamekaa wanaongea huwezi kuona kitu, lakini nguzo ikikatiza skrini jicho linaifuata kwa mwendo mmoja, na nguzo yenyewe inakwenda hatua ndefu, hatua fupi, kama mtu mwenye mguu mbovu.

Dawa ni kuifanya runinga ifuate kasi ya filamu. Kwenye Kodi nenda `Settings`, `Player`, `Videos`, kisha `Adjust display refresh rate`, uchague `On start/stop`. Usipoliona chaguo hilo, bonyeza alama ya gia chini kushoto mpaka isomeke `Expert`. Kuanzia hapo ukifungua filamu skrini itakuwa nyeusi kwa sekunde mbili tatu, kwa sababu kiboksi na runinga vinakubaliana upya juu ya kasi. Wengi huogopa weusi huo na kuzima kila kitu, usizime. Kama unakukatia mwanzo wa filamu, weka sekunde chache kwenye `Delay after change of refresh rate`, iliyo chini ya `System`, `Display`.

Sasa hakikisha. Runinga nyingi zinaonyesha kasi zinayopokea ukibonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti. Filamu ikiendelea pasomeke 24Hz, ukiifunga parudi 60Hz. Kama panabaki 60Hz, kwanza chunguza faili lenyewe kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate -of default=nw=1 filamu.mkv
```

Ukipata `24000/1001`, ni filamu halali yenye fremu 23.976 kwa sekunde, kasi tuliyorithishwa na runinga za rangi za Marekani. Kiboksi kizuri kina 23.976Hz na 24Hz kamili, kila moja peke yake. Chenye 24Hz tu kitarudia fremu moja kila baada ya sekunde 42 hivi, na utaona mshtuko mmoja mdogo kisha utulivu. Hilo mimi hulivumilia. Lakini ukipata `30000/1001` kwa filamu ya sinema, huenda aliyeitengeneza aliongeza fremu za kurudiarudia ndani ya faili. Hapo mchechemeo umeshaokwa na mkate. Tafuta nakala nyingine.

Jihadhari pia na 50Hz, ambayo mafundi wa huku kwetu hupenda kuiweka ili mpira wa kingamuzi upite laini. Niliwahi kukiacha kiboksi changu hivyo kwa miezi. Fremu 24 zikichorwa mara mbili mbili zinafika 48, mbili zilizobaki inabidi zipachikwe mahali, kwa hiyo picha ilijikwaa kila nusu sekunde. Nilikuwa nalaumu intaneti.

Programu za kutazama filamu kwa kulipia hazifuati mpangilio wa Kodi. Android TV za karibuni zina `Match content frame rate` kwenye mipangilio ya skrini. Kwa HDMI chagua `Non-seamless`, maana `Seamless` inakubali mabadiliko yasiyoleta weusi tu, na kwa kebo hayo ni nadra. Hata hivyo, programu yenyewe lazima iombe kasi hiyo, na nyingine haziombi.

Runinga ikisoma 24Hz na bado nguzo zinaruka, sikiliza mdundo wake. Ukiwa ule ule wa ndefu-fupi, runinga yako huenda inapokea 24 lakini ndani inaendelea kuchora 60, na hakuna mpangilio wa kiboksi utakaoifikia. Ukiwa sawasawa, hiyo ni filamu yenyewe: fremu 24 ni chache, na wapiga picha wana kanuni ya zamani kwamba kitu kichukue kama sekunde saba kuvuka skrini. Kamera ikigeuzwa haraka zaidi ya hapo, hata ukumbi wa sinema unashtuka.