Maswali na Majibu: Mgeni amekana malipo, benki inasubiri jibu lako

Mgeni alilala hotelini kwetu usiku 3, sasa benki yake imechukua hela zote alizolipa kwa kadi. Anasema chumba hakikuwa kama kilivyotangazwa, kiyoyozi hakikufanya kazi. Daftari la zamu la mapokezi lina simu yake na chumba alichokataa, ila hatukulituma. Tulituma rekodi za mlango zinazoonyesha aliingia na kutoka mara 11, bado tukashindwa. Hizi benki si zinapendelea wateja wao?

Benki haikumpendelea mgeni wala kukuonea wewe. Uliulizwa jambo moja, ukajibu lingine. Mgeni wako hakusema hakulala, alisema chumba kilikuwa pungufu. Wewe ukahangaika kuthibitisha kwamba alilala, jambo ambalo hakuna aliyelikana. Barua za namna hii nazipata kila mwezi, na karibu zote zina kosa hilohilo.

Taarifa ya kampuni ya malipo huja na namba ya sababu. Kwa Visa, 13.1 ni huduma haikupatikana, 13.3 ni huduma haikulingana na maelezo, 13.7 ni nafasi iliyoghairiwa, na 10.4 ni mwenye kadi kusema hakufanya malipo hayo ya mbali. Mastercard huyaweka malalamiko mengi ya mteja chini ya 4853, kwa hiyo huko soma na maelezo yanayofuata. Kabla hujafungua kabati la mafaili, isome hiyo namba.

Yako ni 13.3. Unasema mgeni alilalamikia kiyoyozi. Basi mtu wa benki, ambaye hajawahi kukanyaga hoteli yako na ana dakika chache tu za kukusoma, anataka kujua mambo matatu: ulimwahidi nini, alipata nini, na alipolalamika ulifanya nini. Ahadi utaionyesha kwa maelezo ya chumba kama yalivyosomeka siku aliyoweka nafasi. Ukurasa wa leo ulioupamba upya haukusaidii. La pili na la tatu limo kwenye daftari la zamu la mapokezi, ambalo mmelitaja kwenye barua yenu kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo dogo: usiku wa kwanza saa 3:40 alipiga simu, saa 4:15 akapewa chumba kingine cha aina ileile, akakataa kuhama, na asubuhi fundi akarekebisha kiyoyozi. Hapo ndipo kesi yako ilipokuwa, nawe uliiacha mezani!

Na sasa zile rekodi za mlango zinapata kazi. Katika madai ya 13.3 mwenye kadi anatarajiwa kuwa alijaribu kumalizana na mfanyabiashara, na kuirudisha au kuikatisha huduma. Huyu alipewa chumba kingine akakataa, kisha akaendelea kutumia kile anachokilaumu hadi asubuhi ya mwisho. Rekodi peke yake ni orodha ya saa tu. Ni lazima uiambie benki inathibitisha nini. Ningeandika hivi:

"Mgeni anadai kiyoyozi hakikufanya kazi. Alitujulisha usiku wa kwanza saa 3:40 (kiambatisho 1). Dakika 35 baadaye tulimpa chumba kingine cha aina ileile, akakataa (kiambatisho 1). Kiyoyozi kilirekebishwa asubuhi iliyofuata (kiambatisho 2, karatasi ya fundi). Hakuomba kukatisha, na alitumia chumba hadi siku ya kuondoka (kiambatisho 3, rekodi ya mlango)."

Imekwisha. Hakuna "mgeni huyu ni tapeli", hakuna historia ya hoteli. Ila nikuonye: kama kiyoyozi kweli kilikuwa kibovu usiku ule wa kwanza, ungempunguzia bili palepale mapokezi. Ingekugharimu kidogo kuliko haya.

Tuna siku ngapi za kujibu?

Tarehe imeandikwa kwenye taarifa uliyotumiwa. Usihesabu siku za Visa au Mastercard ulizosikia kwa jirani. Hizo ni za benki kwa benki, na kampuni yako ya malipo hukupa pungufu ili nayo ipate muda wa kupitia. Tena mara nyingi nafasi ya kutuma ni moja, kwa hiyo usitume nusu ukisema nyingine zinakuja.

Mwenye kadi anasema hakufanya yeye. Namba ya idhini ninayo, malipo yalipita. Wanataka nini tena?

Namba ya idhini inasema kadi ilikuwa hai na ilikuwa na salio. Haisemi aliyeitumia ni nani. Swali ni kadi ilisomwaje. Kama ilichomekwa kwenye mashine kwa chipu na namba ya siri, tuma hiyo risiti. Kama mtu wa mapokezi aliandika namba alizosomewa kwenye simu, hasara kwa kawaida ni yako, na sitakupa matumaini ya bure. Kama alilipa mtandaoni akapitia uthibitisho wa 3-D Secure, ambapo benki yake humtaka athibitishe kuwa ni yeye, kwa kawaida mzigo huhamia benki iliyotoa kadi, kwa hiyo onyesha matokeo ya uthibitisho huo kabla ya kingine chochote.

Fomu ya kujisajili yenye sahihi husaidia pale tu jina lake linapolingana na la mwenye kadi. Ikiwa kadi ni ya mwajiri au ya ndugu, umethibitisha tu kwamba mtu mwingine alilala.

Na tafadhali, msitume picha ya kadi nzima. Ficheni namba, ziachwe 4 za mwisho. Zile tarakimu 3 za nyuma hamruhusiwi hata kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa, na bado naona hoteli zinazoziandika kwenye daftari.

Kesi ilipofunguliwa nikamhurumia mgeni nikamrudishia. Sasa nimekatwa mara mbili!

Kesi ikishafunguliwa, hurudishi. Kama unakubali kosa, unakubali madai kwenye mfumo, basi. Sasa jibu haraka kwa uthibitisho wa marejesho: tarehe, kiasi na namba ya rejea ya muamala, kwenda kadi ileile. Kama ulimpa taslimu bila sahihi yake, una tatizo kubwa kuliko la kwanza.

Mgeni hakutokea, tukamkata usiku wote 4. Tutetee vipi?

Kwa nafasi iliyodhaminiwa na kadi bila kulipiwa kabla, kanuni za Visa zinaruhusu usiku 1 na kodi yake. Hizo 3 nyingine huna utetezi, na ukizing'ang'ania utafanya hata huo mmoja utiliwe shaka. Iulize kampuni yako kama unaweza kupinga sehemu tu. Kuupata huo mmoja, onyesha kwamba masharti ya kughairi yalikuwa mbele yake kabla ya kukubali, na kwamba aliyakubali. Kiungo kilichojificha chini ya ukurasa hakihesabiki.

Naweza kumwandikia mgeni nimtishe na polisi?

Hapana, na barua hiyo ataiambatisha yeye. Unaweza kumwandikia kistaarabu umwombe aondoe madai. Akikubali, ni yeye anayepaswa kuiambia benki yake, nawe upate kauli yake kwa maandishi uiweke kwenye jibu lako. Jibu lenyewe tuma kwa wakati hata akiwa amekuapia. Wako waliosubiri neno la mgeni mpaka tarehe ikapita.