Make, do, take au have: nomino ndiyo inayoamua

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu. Kwenye mazoezi ya Kiingereza ya kujaza nafasi huwa napoteza maksi kwenye make, do, take na have. Tulifundishwa kwamba do ni kufanya na make ni kutengeneza, lakini niliandika do a mistake nikakosa, nikaandika make homework nikakosa tena. Take ndiyo siielewi kabisa, maana kwangu ni kuchukua. Kuna kanuni ya kufuata au ni kukariri tu?

Jibu: Marahaba. Kanuni ipo, ila haianzii kwenye kitenzi. Ukifika kwenye nafasi unajiuliza Kiswahili kingesemaje, unapata "kufanya", halafu unakwama. Tunafanya kazi, tunafanya kosa, tunafanya uamuzi, tunafanya mtihani; kote ni kufanya, kwa hiyo neno hilo haliwezi kukusaidia kuchagua. Katika misemo hii ya Kiingereza kitenzi hakina uzito mkubwa. Maana imebebwa na nomino, na kila nomino ina kitenzi iliyozoea kuandamana nacho. Hata sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, na mgeni anayejifunza Kiswahili hawezi kufika kwenye "piga" kwa kutafsiri. Inabidi aipokee pamoja na nomino yake.

Basi ukikutana na nafasi, iruke kwanza. Itafute nomino inayohusika nayo, kisha angalia maneno madogo yaliyoizunguka, hasa kihusishi kinachofuata. Hapo ndipo urudi kujaza.

Ile kanuni ya kufanya na kutengeneza si ya kutupa, bali inahitaji kunyooshwa. Jiulize kama nomino inataja kazi yenyewe au kitu kinachojitokeza baada ya tendo. Homework, housework, research na the washing ni kazi za kutekelezwa, kwa hiyo zinakwenda na do. A decision, a promise, a mistake, a noise, a list na progress ni mambo ambayo hayakuwepo, yakawepo kwa sababu mtu ametenda; hayo yanakwenda na make. Ndiyo maana mistake ilikukataa: kosa si kazi uliyopangiwa, ni kitu kilichotokea mikononi mwako. Kanuni hii itakutoa mara nyingi, lakini si zote. Harm na damage hujitokeza baada ya tendo, ila Kiingereza husema do harm, do damage. Kitanda nacho hatukitengenezi upya kila asubuhi, lakini ni make the bed. Hizo ziweke kichwani kama zilivyo.

Take ukiifikiria kama kuchukua itakusumbua daima. Mara nyingi inabeba tendo ambalo mtu analiingia au analipokea kwa hiari: take notes, take a photo, take a seat, take a risk. Dawa sisi tunakunywa, wao husema take medicine. Basi tunapanda, wao husema take a bus. Have kwa upande wake hupenda mambo yanayompata mtu au anayoyapitia: have an accident, have difficulty, have a chat, have lunch.

Tuone kifungu kifupi cha aina inayotolewa kwenye mazoezi:

"Last term our class decided to (1) ____ part in a science competition. We had to (2) ____ some research on soil, and at first we (3) ____ difficulty finding books. I (4) ____ several mistakes in the report, but our teacher told us to (5) ____ our time. By the end of the month we had (6) ____ a lot of progress."

Nafasi ya kwanza inaamuliwa na part pamoja na in: ni take, yaani kushiriki. Ya pili ni do, kwa sababu research ni kazi. Wanafunzi wengi huandika make hapo kwa kufikiria ripoti itakayotoka, lakini nomino iliyo mbele ya nafasi si ripoti, ni utafiti. Ya tatu ni had, na kitambulisho chake ni difficulty ikifuatwa na finding. Ya nne ni made.

Ya tano ndiyo ya kukaa nayo. Nomino time hukubali vitenzi vyote vinne, ila kila kimoja kina maana yake. I have time ni kwamba muda ninao. It takes time ni kwamba jambo linahitaji muda. Make time for something ni kutenga muda katikati ya shughuli nyingine. Do time, katika mazungumzo ya kawaida, ni kutumikia kifungo gerezani. Hapa kuna our mbele ya time, na mwalimu anazungumza na watu waliokosea: anawaambia wasiwe na haraka. Hiyo ni take our time. Kama sentensi ingekuwa "to ____ time for revision", jibu lingekuwa make. Umeona jinsi nomino ileile ilivyobadilisha kitenzi kwa sababu ya neno moja la pembeni. Ya sita ni made tena, kwa ajili ya progress.

Kuna mahali utakuta majibu mawili ni sahihi, na usifikiri kichwa chako kimechanganyikiwa. Waingereza husema zaidi have a shower, Wamarekani take a shower. Have a break na take a break zote zinapita. Make a decision ndiyo ya kawaida, lakini take a decision nayo hutumika Uingereza. Mtihani unaweza kuwa take an exam au do an exam. Make an exam ndiyo isiyoweza kutumika kwa mtahiniwa, maana inaeleweka kama kuutunga. Mtunzi makini huandika majibu yote yanayokubalika kwenye mwongozo wa kusahihisha. Ukinyimwa maksi kwa have a break, mwonyeshe mwalimu wako kwenye kamusi ya wanafunzi, pale penye mifano chini ya neno break. Na hapo ndipo pa kutafutia kila siku: fungua nomino, si make, kwa sababu chini ya make utakutana na kurasa nzima, ilhali chini ya nomino mfano uko mstari wa pili au wa tatu.

Lipo jambo moja linalowaangusha hata waliokwisha kuzijua jozi zote. Nomino haikai kulia siku zote. Sentensi ikiwa ya kutendwa, au ikiwa na which au that, nomino huhamia kushoto na nafasi hubaki bila kitu chochote mbele yake cha kukuongoza: "The notes she had ____ in class were very useful." Anayetazama kulia anaona in class tu, anaanza kubahatisha. Rudi nyuma utaikuta notes, na notes inataka take. Halafu malizia kwa umbo: baada ya had, jibu si take wala took, ni taken. Vivyo hivyo "the harm that was ____ to the crops" inataka done, na "no decision has been ____ yet" inataka made.