Umebadilisha betri halafu dirisha ikakataa AUTO? Usinunue swichi kwanza

Hii nimeiona mara nyingi sana hapa Nairobi, mtu anawekewa betri mpya, gari inawaka vizuri kabisa, halafu akitoka pale kwa parking anataka kufunga dirisha ya dereva, anavuta swichi mara moja kama kawaida na kioo inapanda kidogo tu inasimama. Inabidi uishikilie mpaka ifike juu. Na redio nayo imerudi kama mtoto mchanga, saa haiko sawa na stesheni zote zimeenda.

Jirani yangu ana Fielder, AUTO yake iko kwa dirisha ya dereva peke yake, na ilimfanyia hivyo hivyo. Akampigia fundi wa wayaring, akaambiwa, "Madam, hiyo swichi imeungua, tutakutafutia ingine Grogan." Nikamwambia mama hebu ngoja kwanza, hiyo swichi ni nzima. Ingekuwa imeungua kabisa kioo haingepanda hata kwa kushikilia.

Kinachofanyika ni hiki. Ndani ya mota ya dirisha kuna sensa inayohesabu mizunguko, ndiyo inajua kioo iko wapi sasa hivi na juu kabisa ni wapi. Gari inahitaji kujua hivyo kwa sababu kioo ya AUTO ikikutana na kitu njiani, kama mkono wa mtoto, lazima irudi chini, lakini ikifika mwisho kwa raba ya juu isirudi. Ukitoa betri, kwa magari mengi hiyo kumbukumbu inapotea, na gari ikishapoteza hesabu inazima AUTO yenyewe kwa usalama. Ni kama imesahau dari iko wapi, kwa hivyo inabidi uionyeshe tena.

Kwa hiyo Fielder tulifanya hivi. Tuliwasha injini tukaiacha inguruma, unaweza kutumia ON bila injini lakini betri ikiwa na chaji kidogo mota inapanda polepole na zoezi linaweza kukataa. Tukafunga milango, halafu akashusha kioo mpaka katikati. Akavuta swichi ya dereva juu na akaishikilia, kioo ikapanda mpaka mwisho, na hapa ndipo watu wengi huharibu kwa sababu wakisikia kioo imefika wanaachilia. Usiachilie! Endelea kuvuta. Kuna magari yanataka sekunde 1 au 2 tu, mengine yanataka kama 6, mimi humwambia mtu ahesabu polepole mpaka kumi na amalize mchezo. Alipoachilia akabonyeza chini kwa nguvu mara moja, kioo ikashuka yenyewe mpaka chini, akavuta mara moja ikapanda yenyewe. Kwisha. Pesa ya swichi ikabaki kwa pochi.

Kama gari yako ina AUTO kwa milango yote, usifikiri ukifanya ya dereva zingine zitafuata. Kila dirisha inafanyiwa yake, na kwa magari mengi ni lazima utumie swichi iliyo kwa ule mlango wenyewe, sio ile ya kwa dereva, na uangalie kile kibonyezo cha kufungia madirisha ya abiria hakijabonyezwa. Kwa baadhi ya Toyota taa ya swichi huwa inawakawaka kama kioo bado haijafundishwa, ikikubali inatulia. Magari mengine yana tofauti kidogo, kuna ambayo unashusha kioo mpaka chini kabisa na kushikilia pale kidogo kabla ya kupanda, kwa hivyo kama njia ya kwanza imekataa jaribu hiyo. Na tafadhali, wakati unafanya hii, mtoto asiwe na vidole karibu na kioo, kwa sababu wakati huo ile kinga ya kurudisha kioo inaweza kuwa haifanyi kazi.

Sasa kuna ile kioo inapanda karibu kufika halafu inarudi chini yenyewe. Hiyo hata ushikilie mpaka kesho, shida ni msuguano, mota inafikiri kuna mtu amebanwa. Vumbi yetu hii inajaa kwa zile raba za pembeni mwa kioo, zinakauka, kioo inapita kwa shida. Shusha kioo, pangusa ndani ya raba kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke, halafu puliza silikoni spray. Usiweke oili ya injini wala grisi, zinavimbisha raba na kushika vumbi zaidi. Ukishafanya hivyo rudia zoezi. Kama raba ni safi, kioo inapanda laini, na bado AUTO haikubali, hapo sasa ndio unaweza kuanza kushuku mota au swichi.

Redio nayo. Hizi gari za kutoka Japani redio yake inaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, na stesheni zetu ziko mpaka 108, ndiyo maana ukinunua gari unawekewa ekspanda nyuma ya redio, kile kidude kinachoshusha namba za stesheni ndio redio izishike. Ekspanda haina kumbukumbu, kutoa betri hakuiharibu, kilichopotea ni zile namba ulizokuwa umehifadhi. Tafuta stesheni moja unayoijua sauti yake. Kwa gari ya jirani Capital, ambayo ni 98.4, tuliipata kwa 78.4, basi tofauti ni 20. Ukishajua hivyo zingine ni hesabu ya kutoa tu, Jambo ya 97.5 iko 77.5, Classic ya 105.2 iko 85.2. Ukifika kwa stesheni shikilia namba mpaka ilie piip. Ekspanda zingine ni za 14 au kitu kingine, fanya hesabu na yako. Na usihangaike kutafuta stesheni ya 92 kwa ekspanda ya 20, hiyo ingekuwa 72 na redio haishuki hapo.

Ile inayoumiza kweli ni redio za skrini. Kuna Toyota ambazo redio yake inataka SD kadi ya ramani, na kuna ambazo ukitoa betri zinajifunga na skrini inakuandikia ERC na kutaka namba ya siri. Kadi nyingi huwa zimepotea kabla gari haijafika hapa, au mtu aliitoa akaweka miziki. Redio ilikuwa inacheza sawa mpaka siku betri ilipotolewa. Kwa hivyo kabla fundi hajashika spana ya 10, angalia kama kuna SD kadi kwa redio, na kama haiko mwambie asikate umeme kabisa, aunganishe betri ya pili kwa jampa kebo ndio atoe ya zamani. Akifanya hivyo ile tamino ya pozitivu inabaki na moto wakati wote, lazima aifunike kwa raba au kitambaa kikavu isiguse bodi. Fundi akianza kucheka na kusema hiyo ni kazi bure, tafuta mwingine, kwa sababu redio ikijifunga si yeye atalipia kuifungua.