Madoa ya njano kwenye nepi

"Jamani, nepi nyeupe za kitambaa zimebaki na njano ya kinyesi, mtoto ananyonya tu, nafanyaje?"

Maji baridi kwanza halafu jua, dada. Suuza choo chote, loweka kwa maji baridi na sabuni ya unga usiku kucha, maji moto usianze nayo yanashikisha doa, asubuhi fua na usuuze sabuni iishe kabisa kisha anika ikiwa bado inachuruzika, doa litazame jua lenyewe. Ile njano ni rangi ya nyongo na mwanga unaivunja, ila ikikauka kazi inapungua, so kila ikikauka nyunyizia maji tena. Mimi hapa Jinja nimelea watatu, nepi ya asubuhi saa nane mchana naona kivuli tu cha njano, kesho yake narudia.

Kuna wanaosema utumie Jiki, inatoa doa kweli lakini inakula uzi, nepi inachakaa upesi. Na usitandike kwenye nyasi, anika kamba, nzi wa embe hutaga kwenye nguo mbichi. Piga pasi pande zote uue hayo mayai, ila doa likishatoka. Akianza kula karoti, hilo sina uhakika jua litatosha.