Kabla hamjamwaga zege la fremu za sola, ulizeni kivuli cha Juni

Juzi nimekuta vijana wawili wakipigilia vigingi vya fremu za sola mita 5 kusini mwa mnara wa simu, eti "hapa ni tambarare". Nilicheka, kisha nikawafokea. Kosa hilo nalijua vizuri, kwa sababu nililifanya mimi kabla yao. Basi, mambo matatu ya kuangalia saiti, na la tatu ndilo hilo.

1. Dishi la maikrowevu, linalounganisha mnara na mnara. Mkiona mnapokea mawimbi pungufu ya hesabu ya linki kwa dB 20, msifunge bolti mkashuka. Mmenasa miale dhaifu ya pembeni, si ule mkuu: kiangazi linki itapita, masika itawaumbua.

2. Volti za kuzimia. Betri zikishuka, redio za simu zizime kwanza, kwenye 47 hivi, maikrowevu ibaki mpaka 45. Saiti za mbele zinapitia kwako, na wao hawana kosa.

3. Sola. Saiti yangu ilikuwa kilimani Rukwa, karibu latitudo 8 kusini, mnara wa mita 40. Mzigo ulikuwa wati 900, yaani uniti 22 kwa siku. Paneli 20 za wati 330, kwa saa 5 za jua kali na ukitoa upotevu, zinaleta kama 25. Hesabu ilikaa. Betri za risasi za uniti 48, tutumie nusu. Siku moja ya mawingu tunaivuka.

Tulijenga Desemba. Mwezi huo jua la adhuhuri linakaa kusini yetu, kwa hiyo kivuli kinaangukia kaskazini, na paneli zangu zilikuwa kusini zinang'aa. Nikapiga picha, nikaondoka na sifa.

Mei saiti ikaanza kuzima alfajiri. Bila kufungua hata kumbukumbu za kontrola ya sola nikaandika "betri mbovu". Zikaletwa seli mpya 24, kila moja wanaume wawili, na lori likaishia nusu mlima. Niliwaona wapagazi wakinitazama. Wiki chache tu, alfajiri giza tena! Nikahamia kumshuku mlinzi: mzee huyu anauza umeme.

Nikaenda kulala palepale nimvizie. Saa sita mchana akaniita, "Mwanangu, sogea huku, hapo kuna kivuli cha mnara. Mimi huhamisha kiti kila siku."

Nikageuka. Jua la Juni liko kaskazini, kivuli kinafika mita 24 kusini, na vyuma vya mnara vilikuwa vimelalia paneli zangu. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo chache zikifunikwa msururu mzima unalegea. Nikafungua kumbukumbu: mchoro wa chaji ulikuwa kama andazi lililoumwa katikati, kuanzia saa tano mpaka saa nane. Betri hazikujaa hata siku moja. Seli mpya zilikuwa zinaota salfa.

Tulihamishia fremu kaskazini, mita 15, maana kivuli cha Desemba nacho kinafika 11. Mzee alisimamia kila kigingi, na jioni akaniuliza mshahara wa injinia ni shilingi ngapi.