Kabla hujaangalia paneli, angalia kebo ya betri

Watu wakiniita kucheki sola yao karibu wote wananipeleka kwanza juu ya mabati wanionyeshe paneli, na mimi huwaambia tushuke, nataka kuona pale betri iko, hasa zile kebo mbili zinazotoka kwa betri kwenda kwa inveta. Miaka hii yote nafunga sola hapa Nairobi, mahali nimekuta insulesheni imeyeyuka mara nyingi zaidi ni hapo, kwa kipande cha mita moja au mbili ambacho hakuna mtu hukitazama.

Nitaeleza na nyumba moja ya mtaa wa Utawala. Mama alikuwa na inveta ya kilowati 3 ya volti 24, betri mbili za lithiamu, paneli nne za wati 550. Alikuwa ameitumia miezi kadhaa bila shida yoyote, kisha akanipigia: "Fundi, nikipiga pasi na birika la stima liko on, kuna harufu ya plastiki kwa storu." Nikamwambia mama zima birika saa hii, usiwashe kitu kikubwa mpaka nifike.

Kwanza ujue kwa nini miezi yote hiyo hakuna kitu kilionekana. Usiku akiwasha taa, tivi na waifai, hizo ni kama wati 200, na kwa volti 24 hiyo ni ampea 9 hivi, hata kebo nyembamba inazibeba bila kutoa jasho. Pasi na birika pamoja zilikuwa karibu wati 2800. Ukigawa kwa 24 unapata ampea 117, halafu inveta yenyewe inapoteza kiasi fulani, kwa hivyo kutoka kwa betri zinatoka kama 130. Na joto kwa kebo haliongezeki sawa na ampea, linaongezeka kwa ampea mara ampea, yaani ampea zikizidi mara mbili joto linazidi mara nne. Ndiyo maana mfumo mbaya unaweza kukaa vizuri kabisa mpaka siku stima inapotea na mtu anawasha vitu viwili vikubwa pamoja.

Kebo niliyoikuta ilikuwa ya 16mm, na betri ilikuwa imehamishwa chini ya ngazi kwa hivyo ilikuwa mita mbili na nusu kwenda na mita mbili na nusu kurudi. Nikamwambia awashe pasi na birika kidogo tu, nikiwa nimesimama hapo, nikapima na maltimita kwa teminali za betri nikapata 25.6, nikapima kwa teminali za inveta nikapata 24.3. Hiyo tofauti ya volti 1.3 imeenda wapi? Imegeuka joto njiani. Zidisha 1.3 na ampea 130, ni karibu wati 170 zinachoma ndani ya storu yenye masanduku na nguo. Nikapiga hesabu ya kebo yenyewe, inafaa ipoteze kama 0.7, kwa hivyo hiyo 0.6 nyingine ilikuwa kwa maungio, na nyingi ilikuwa kwa lagi moja, ile ncha ya chuma inayofunga kebo kwa posta ya pozitivu ya betri, iliyokuwa imebanwa na plaisi na kugongwa na nyundo. Hapo peke yake palikuwa na joto la wati 50 hivi, ni kama umeacha soldering aina imewaka imelazwa kwa plastiki. Lagi ikianza kupata moto inalegea zaidi, ikilegea upinzani unapanda, inazidi kupata moto, haijirekebishi yenyewe kamwe.

Hiki kipimo mwenye nyumba anaweza kumwambia fundi yeyote akifanye mbele yake, ni dakika chache. Kwa mfumo wa volti 24 mimi sitaki kuona tofauti inapita nusu volti mzigo mkubwa ukiwa on. Na baada ya nusu saa ya mzigo, kebo inaweza kuwa na uvuguvugu, lakini ukishindwa kuacha mkono juu ya insulesheni yake, zima.

Dawa yake ilikuwa kusogeza betri ikae mita moja kutoka kwa inveta na kuweka kebo ya 50mm, lagi zimebanwa na krimpa ya haidroliki. Tulipopima tena tofauti ilikuwa chini sana. Hizo milimita ni za mraba, eneo la shaba ndani ukikata kebo, si unene wa nje, na ukinunua town kwangua ncha na kisu, kama ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka.

Kitu kingine hakikuwepo kabisa, fyuzi. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea, na ile bodi ya ulinzi ndani yake usiifanye ndiyo fyuzi yako. Nikaweka fyuzi ya DC ya ampea 200, karibu kabisa na posta ya pozitivu, kwa sababu kipande chochote cha kebo kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Fyuzi lazima iwe juu ya ampea unazotumia lakini chini ya zile kebo inaweza kubeba, kwa hivyo kuweka fyuzi kubwa kwa kebo ya 16mm ni kazi bure, kebo ndiyo itakuwa fyuzi.

Sasa upande wa paneli. Paneli nne zimeungwa kwa mstari zinatoa karibu volti 200 za DC, na pale kwa ukuta aliyefunga alikuwa ameweka breka ya kawaida ya nyumba ya AC. Hii inaniuma sana nikiikuta. Umeme wa AC wa stima unapita kwa sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hivyo cheche ikitokea breka ikifunguka inapata nafasi ya kuzimika. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki inayeyuka. Tafuta aisoleta, yaani swichi ya kukata umeme, iliyoandikwa DC na volti za DC zinazozidi za paneli zako zote pamoja, tena asubuhi yenye baridi paneli hutoa volti zaidi ya zilizo kwa karatasi, acha nafasi. Na zingine za DC zina alama ya + na −, ukizifunga kinyume zinashindwa kuzima cheche hata kama ni orijino.

Kuzima kuna mpangilio: toa mizigo, zima inveta, kisha aisoleta ya paneli, mwisho ile ya betri. Usianze na betri jua likiwa linawaka, paneli zikibaki zinasukuma bila betri zinaweza kuua inveta. Na kumbuka kebo kutoka kwa mabati hadi kwa aisoleta bado iko na umeme mchana wote, hata ukishazima.

Wenye inveta ya volti 12 hesabu yenu ni kali zaidi, kilowati moja na nusu tu tayari inafika hizo ampea 130 na kuendelea. Ile kilowati 3 ingekuwa ya volti 48 ampea zingekuwa kama 70, kwa hivyo kama bado hujanunua na unajua utapiga pasi na kupika kwa sola, ingia 48 moja kwa moja.